Kifungo kilichokaa kiatuni siku nzima: ninavyokagua miguu yangu yenye ganzi ya ukoma

Kilikuwa kifungo cha shati la shule, cheupe, chenye matundu manne. Kilidondoka sakafuni jioni nilipovua kiatu cha kushoto, nami nikakiokota nikidhani kimetoka mezani, kwa kuwa mwezi ule nilikuwa nashona sare nyingi. Nilipogeuza mguu ndipo nilipoona. Chini ya kidole gumba kulikuwa na duara limejichora kwenye ngozi kama muhuri, na ndani yake vidoa vinne vidogo. Nilikuwa nimekwenda na kifungo kile sokoni na msikitini, nikarudi nacho dukani, nikakanyaga pedali ya cherehani tangu asubuhi hadi alasiri. Sikusikia chochote.

Ngozi haikuwa imechanika, kwa hiyo nikavaa kiatu tena kesho yake nikaendelea na kazi. Siku ya tatu palitokea lengelenge lenye damu ndani. Likapasuka. Kufika wiki ya pili palikuwa na shimo, na shimo lile lilinichukua miezi mitano kufunga. Hayo yalinipata mwaka 2013, na tangu hapo sijaruka siku hata moja bila kukagua miguu. Nataka kueleza ninavyofanya na kwa nini, kwa ajili ya yeyote aliyemaliza dawa za ukoma akabaki na ganzi nyayoni, na kwa ajili ya wanaoishi naye.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Rufiji. Niligunduliwa na ukoma mwaka 2009 kwa baka begani lililokuwa halisikii hata likifinywa, pamoja na ganzi ya miguu ambayo kwa muda mrefu nilidhani ni uchovu. Nilipewa dawa mseto kwa miezi 12, zile za vipakiti, bila malipo. Nilimeza zote nikapona, na simwambukizi mtu. Jambo ambalo sikulielewa vizuri wakati ule ni kwamba dawa huua vimelea lakini hazirudishi mshipa wa fahamu ambao umekwisha kuharibika siku nyingi. Mimi nilichelewa kwenda zahanati, na mshipa wangu ulikuwa umekufa.

Mshipa wenyewe unapita upande wa ndani wa mguu, nyuma ya kile kifupa cha kifundo, katikati ya kifupa na kisigino. Vimelea vya ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na pale mshipa uko karibu kabisa na ngozi. Unapovimba na kubanwa, unyayo hupoteza vitu vitatu kwa pamoja. Kwanza hisia. Pili jasho, na ndiyo maana nyayo zetu hukauka, zikafanya magaga na kupasuka kama tope la bwawa lililokaushwa na jua. Tatu ni nguvu ya misuli midogo ya mguu: vidole hujikunja kama makucha ya ndege, na uzito uliokuwa ukigawanywa unyayo mzima unaangukia sehemu chache, hasa chini ya mashina ya vidole, ncha za vidole vilivyojikunja na kisigino.

Wazee wengi wa huku kwetu bado wanaamini kuwa ukoma hula vidole, na mimi nililelewa nikiamini hivyo. Kijiji cha Kindwitwi, karibu na Utete, kilikaliwa na watu wenye ukoma tangu kabla ya hizi dawa, na tukiwa watoto tuliwaona wazee wenye miguu mifupi tukadhani ugonjwa ndio ulioikata. Muuguzi aliyenihudumia baadaye ndiye aliyenieleza habari za daktari wa upasuaji aitwaye Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946 akafanya kazi na watu wenye ukoma kwa miaka mingi. Aligundua kuwa nyama ya mguu wa mtu mwenye ukoma hupona kidonda kama nyama ya mtu mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba mtu mwenye maumivu huchechemea, huhamisha uzito, huvua kiatu akatoa changarawe. Sisi tunaendelea kutembea. Kidonda huletwa na hatua zetu wenyewe, elfu kadhaa kwa siku, zote zikigonga palepale.

Jambo hilo lilinibadilisha mawazo. Kama mguu unaharibiwa na ukoma, nitafanya nini? Lakini kama unaharibiwa na hatua na kifungo, basi nina la kufanya, mradi nipate njia nyingine ya kujua kile ambacho maumivu yangenijulisha. Njia hiyo ni macho na mkono.

Nakagua jioni, kabla mwanga wa jua haujaisha, kwa sababu taa ya chumbani hunificha mengi. Nakaa kwenye mkeka uani, navua viatu, nanyoosha miguu juu ya kigoda na kusubiri kama robo saa bila kuigusa. Watu wengi huruka kusubiri huku. Mguu uliotoka kiatuni wote una joto, na ukiupima papo hapo hutajua joto la kiatu ni lipi na la hatari ni lipi.

Wakati nasubiri nakagua viatu. Naviinamisha na kuvipiga vidondoshe kilichomo, kisha napitisha mkono ndani hadi kwenye ncha. Mkono wangu wa kulia, kidole cha mwisho na cha pete navyo vina ganzi, kwa hiyo natumia wa kushoto. Natafuta msumari uliochungulia, mshono uliofumuka, mchanga uliogandamana, mwiba wa mbigiri uliotoboa soli. Asubuhi kabla ya kuvaa narudia tena, kwa kuwa usiku kiatu huingiwa na mende, na mwanangu aliwahi kuficha goroli humo.

Kisha macho. Naanza na mguu wa kulia kila siku, ili nisije nikasahau nimeishia wapi. Juu ya mguu kwanza, pale mikanda inapopita, halafu kila kidole na katikati ya kila vidole viwili, nikivitenganisha. Huko ndiko unyevunyevu hukaa ngozi ikalainika na kuchanika, na huko ndiko funza hupenda kuingia: utaona kidoa cheusi katikati ya kiuvimbe cheupe. Mtu mwenye hisia huwashwa na funza akamtoa siku ileile. Sisi tunaweza kuwa nao kumi bila habari. Baada ya hapo unyayo. Kama huwezi kuukunja mguu uuone, weka kioo cha kunyolea chini uuangalie humo, au mwombe mtu wa nyumbani. Binti yangu alianza kunisaidia akiwa darasa la tatu, na jicho lake ni kali kuliko langu.

Vitabu husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu hauonekani, na nadhani ushauri huo umewapoteza wengi. Mimi natafuta sehemu iliyong'aa kuliko jirani yake, au iliyokuwa nyeusi zaidi, au iliyotuna kidogo hivi kwamba mikunjo ya ngozi imepotea. Natafuta pia doa jeusi ndani ya sugu. Doa hilo mara nyingi ni damu iliyovia chini, maana yake kidonda kimekwisha kuanza kwa ndani ingawa juu pamefungwa.

Mkono ndio unaojua kuliko jicho. Sehemu ya mguu inayoumia hupata joto kabla ngozi haijabadilika rangi na kabla lengelenge halijatokea. Natumia mgongo wa mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja cha mfanyakazi kina sugu na hakisikii joto dogo. Nagusa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, mara moja nagusa palepale mguu wa kushoto. Kisha shina la kidole cha pili kulia, shina la kidole cha pili kushoto. Naenda hivyo hadi kisiginoni, halafu ukingo wa nje wa unyayo, halafu kifundo. Silinganishi mguu na shavu wala na mkono, nalinganisha mguu na mwenzake. Mguu mzima ukiwa baridi au vuguvugu, si neno. Ninachokitafuta ni sehemu moja, ukubwa wa sarafu au wa kiganja cha mtoto, yenye joto ambalo mwenzake hana.

Kama mikono yako yote ina ganzi, tumia upande wa ndani wa kigasha, au mtu mwingine akugusie. Mke wangu aliwahi kunipimia mwezi mzima nilipokuwa nimeungua vidole kwa pasi, na baada ya wiki moja akawa anajua miguu yangu kuliko mimi.

Acha nieleze siku moja ilivyokuwa, kwa sababu maelezo bila tukio hayakai.

Mwaka juzi, mvua za vuli zilipoanza, tulipata msiba upande wa shangazi yangu. Bodaboda hazikuweza kupita kwa tope, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu kama saa moja na nusu, na kurudi vilevile. Niliporudi nilikuwa nimechoka, na nusura niseme leo nilale tu. Nikakaa uani, nikasubiri, nikagusa. Mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba, karibu kabisa na lile kovu la kifungo, palikuwa na joto. Nilipotazama kwa kioo sikuona kitu ila ngozi imeng'aa kidogo. Nilimwita mke wangu agusie bila kumwambia ni wapi, naye akapapasa mguu mzima akasimama palepale.

Usiku ule niliinua mguu juu ya mto. Asubuhi nikagusa kabla ya kukanyaga chini. Huu ndio ukaguzi wa pili ambao naufanya tu ninapokuwa na wasiwasi: joto la uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi, joto la jeraha hubaki. Lilikuwepo bado. Hapo nikajua nina siku chache za kuamua kama hili litakuwa lengelenge au halitakuwa.

Sikwenda dukani. Niliazima cherehani ya mkono kwa jirani nikashonea nyumbani, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya kigoda. Chooni nilikwenda kwa gongo, nikikanyaga kwa kisigino tu. Watu walishangaa, wakaniuliza unaumwa nini, nikawaambia mguu, wakatazama wakaona mguu mzima hauna hata mkwaruzo. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe: kupumzisha mguu usiouma na usio na kidonda, huku wateja wanasubiri nguo. Asubuhi ya pili joto lilikuwa limepungua. Asubuhi ya nne miguu yote miwili ilikuwa sawa. Nikaongeza siku moja, kisha nikarudi dukani nusu siku, jioni nikapima, kesho yake nikafanya siku nzima.

Nilipoteza siku tano. Kifungo kilinipotezea miezi mitano.

Lakini kuondoka kwa joto hakutoshi kama hujui lilitoka wapi, kwa sababu ukirudi kwenye kiatu kilekile litarudi. Nilichukua kandambili zangu maalumu, zile za sifongo ndani, nikabana sifongo kati ya kidole gumba na cha shahada sehemu mbalimbali. Sifongo nzuri ukiibana hushuka kama nusu ya unene wake, na ukiachia hurudi. Ya kisiginoni ilirudi. Ile ya chini ya kidole gumba cha kushoto ilikuwa imelala kabisa, imekuwa ngumu kama soli. Miezi ya kukanyaga pedali ilikuwa imeimaliza sehemu ileile moja, na mwendo wa msibani ukamalizia. Fundi viatu alibandua sifongo yote akaweka mpya kwa gundi. Tangu hapo naandika kwa kalamu chini ya kiatu mwezi niliobadilisha, na kila Ijumaa nabana.

Kwa kuwa tumefika kwenye viatu, niseme ninachokijua. Kiatu cha mguu wenye ganzi kinahitaji ulaini ndani na ugumu chini. Ulaini ndani husambaza uzito, ugumu chini huzuia mwiba. Ndala za kawaida ni laini lakini mbigiri hupita, hazina mkanda nyuma, na mguu usiosikia huziacha njiani bila mwenyewe kujua. Nimewahi kufika nyumbani na ndala moja. Katambuga za tairi zinazuia mwiba vizuri sana, lakini kwa ndani ni ngumu na mara nyingi zimepigiliwa misumari. Msumari ndio sitaki kuusikia kwenye kiatu chochote: fundi ashone au abandike. Ukiwa na katambuga au makubazi imara, fundi anaweza kung'oa misumari, akashona, akabandika juu yake sifongo nzuri ya unene wa sentimita moja, akaongeza mkanda wa nyuma. Mikanda iwe mipana na ya kufungua na kufunga, kwa sababu mguu huvimba jioni. Mbele kuwe na nafasi ya upana wa kidole. Viatu vya mtumba vilivyofungwa ninaviogopa kwa sababu vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, na uvimbe wa ndani huuoni mpaka ukukate. Kwenye vituo vinavyohudumia watu wenye ukoma huwa kuna viatu maalumu kama hivi. Muulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya yako.

Kiatu kipya, hata kiwe kizuri namna gani, nakivaa saa moja tu siku ya kwanza, navua, nasubiri robo saa, nagusa. Siku ya pili saa mbili. Kikipita wiki bila kuacha joto popote, nakiamini.

Baada ya ukaguzi huja maji. Jasho halipo, kwa hiyo unyevu lazima tuuingize wenyewe. Nalowesha miguu kwenye beseni la maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Maji yawe baridi au ya mtungini, si ya moto. Kuna mwenzangu aliyechemshiwa maji na mtu aliyempenda, akaweka miguu, wakaendelea kuzungumza, na ngozi ikatoka. Kama umepashiwa maji, mtu mwenye hisia ayapime kwanza kwa kiwiko.

Ngozi ikisha kulainika nasugua sugu na magaga kwa jiwe la kusugulia, taratibu, kidogo kila siku. Sugu huota pale penye mkandamizo. Lakini ikinenepa yenyewe inakuwa mkandamizo: ni kama kutembea na kile kifungo maisha yote. Isipunguzwe kwa wembe wala kisu. Mguu hautakuambia umefika wapi, na nimeona mtu aliyejikata hadi kwenye nyama akiwa anazungumza na kucheka. Sugu nene sana au yenye doa jeusi apunguze mhudumu wa afya.

Nafuta katikati ya vidole pakauke. Sehemu nyingine naiacha na unyevu kidogo, halafu hapohapo napaka mafuta ya nazi, au vaselini kama nazi hazikupatikana. Mafuta hayalainishi ngozi kavu, yanafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia. Ukipaka bila kulowesha unang'arisha magaga tu. Katikati ya vidole sipaki. Nikiwa na kidonda kilicho wazi siloweshi mguu huo mpaka muuguzi aniambie.

Mambo ya moto na ya usiku nitayapita haraka. Jikoni nakaa mbali na mafiga na nimevaa viatu. Kwenye bodaboda napanda upande usio na bomba la moshi, kwa kuwa chuma kile huunguza hata kwa suruali. Mchanga na sakafu ya saruji iliyopigwa na jua la saa saba vinaunguza nyayo vilevile. Usiku nachomeka chandarua chini ya godoro pande zote, na hiyo si kwa mbu peke yao. Panya huguguna ngozi ngumu ya mtu asiyesikia, na hili nimeliona kwa jirani yangu mwenyewe, aliyeamka akakuta damu kwenye shuka.

Sasa kama kidonda kimekwisha kutokea. Wakati wa kidonda cha kifungo nilikwenda zahanati moja ambako niliambiwa nipasue kapsuli na kumwagia unga wake ndani ya kidonda kila siku, nikafunga, nikarudi kazini. Nilifanya hivyo miezi miwili. Unga uligandamana na usaha ukafanya kigaga juu, na chini yake shimo likaenda ndani. Hakuna aliyeniambia niache kukanyaga. Nilipofika hospitali hatimaye, daktari aliingiza kijiti cha chuma ndani ya kidonda akakigonga kwenye mfupa. Nilisikia sauti, sikusikia maumivu. Kipande cha mfupa uliooza kilitolewa, na ndiyo sababu kidole gumba changu cha kushoto ni kifupi.

Kidonda kisichofika mfupani na kisicho na usaha hupona kwa wiki nne hadi sita, kama mguu unapumzika kweli. Kuosha kwa maji safi na sabuni na kufunika kwa bandeji au kitambaa safi kunatosha. Dawa kubwa ni kutokanyaga, kwa gongo, kwa plasta ya hogo ikiwa mtaalamu ameona inafaa, au kwa kulala tu. Ukifunga kidonda vizuri sana kisha ukatembea nacho, hakitapona.

Na zipo dalili ambazo sisubiri nazo hata usiku mmoja. Harufu. Usaha. Uvimbe unaopanda kuelekea kifundoni. Homa. Mtoki, ule uvimbe wa kinena, ambao kwetu mara nyingi ndio maumivu ya kwanza tunayoyasikia, kwa kuwa kinena bado kina hisia. Nyingine ni mguu mzima kuvimba na kuwa wa moto bila kidonda chochote, pengine baada ya kuteguka kidogo. Huo unaweza kuwa umevunjika kwa ndani huku mwenyewe anautembelea, na ukiendelea kukanyagwa mifupa ya katikati hubomoka na unyayo ukageuka kama mtumbwi. Hapo mtu abebwe, asitembee kwenda hospitali.

Jambo la mwisho ninalolifanya si la kila siku, ni la kila mwanzo wa mwezi. Nafumba macho, mke wangu ananigusa kwa ncha ya kalamu ya wino sehemu mbalimbali za nyayo na viganja, kwa kubonyeza kidogo tu hadi ngozi iingie ndani kidogo, nami naonyesha kwa kidole nilipoguswa. Ndivyo wanavyonipima kliniki pia. Binti yangu anachora nyayo mbili kwenye daftari na kuweka alama niliposikia na nisiposikia. Sababu ni kwamba mishipa inaweza kuvimba tena hata baada ya kumaliza dozi, na ganzi ambayo haijafikisha miezi sita mara nyingi inaweza kutibiwa kwa predinisoloni, ambayo hutolewa na kupunguzwa na mhudumu wa afya kwa wiki nyingi, wala hainunuliwi dukani. Ganzi ya zamani kama yangu haitibiki kwa hiyo. Mwezi wa nne mwaka jana daftari lilionyesha kuwa kidole cha kati cha mkono wa kulia, kilichokuwa kikisikia mwezi wa tatu, hakikusikia tena. Nilikwenda kesho yake na daftari mkononi, na mratibu alilinganisha kurasa mbili akaanza kunipa dawa siku hiyohiyo. Kidole kimerudi. Bado nakitumia kushikia sindano.